Gari moja la mikate, hesabu mbili za uchakavu: ipi inasema ukweli wa faida?

Gari likinunuliwa kwa Sh milioni 24 mwezi Januari, fedha inatoka siku hiyo hiyo. Lakini gari lenyewe halifi Desemba. Litabeba mikate mwaka wa kwanza, wa pili, pengine hadi wa tano. Sasa hizo milioni 24 ni gharama ya mwaka gani?

Uchakavu ndio unaojibu swali hilo. Ni kuigawa bei ya mali katika miaka ambayo mali hiyo inaitumikia biashara, ili kila mwaka ubebe sehemu yake.

Kwenye masomo ya uhasibu jambo hili huoneshwa kwa slaidi yenye mistari miwili inayoteremka. Mmoja umenyooka, kama ngazi iliyoegeshwa ukutani. Wa pili unaanza kwa kuporomoka, kisha unalala taratibu. Wanafunzi hunakili fomula, wanafaulu mtihani, basi. Kisichosemwa sana ni kwamba kuchagua kati ya mistari hiyo kunaweza kubadilisha fedha anayopokea mtu mkononi.

Gari lenyewe

Chukua mfano wa kutungwa, wenye takwimu zinazohesabika kirahisi. Dada wawili wana kampuni ndogo ya bekari mjini Musoma, kila mmoja nusu kwa nusu. Wamenunua Haisi iliyotumika, ya kusambazia mikate. Kila alfajiri gari linatoka Musoma, linapita Makutano, linashusha kreti kwenye maduka ya Butiama karibu na Mwitongo, alipozikwa Mwalimu Nyerere, kisha linaendelea hadi Bunda.

Bei ya gari ilikuwa Sh 21,500,000. Dereva na mafuta ya kulileta kutoka Dar es Salaam vilikula 700,000. Fundi akaweka rafu za kupangia kreti kwa 1,800,000. Jumla ni Sh 24,000,000, na hiyo ndiyo inayoandikwa kama gharama ya gari. Chochote kilicholazimu kutumika ili gari lifike na liwe tayari kwa kazi kinaingia humo. Bima ya mwaka na mafuta ya kila siku haviingii; hizo ni gharama za kawaida za kuliendesha.

Halafu yanahitajika makadirio mawili. La kwanza, gari litafanya kazi ya bekari kwa miaka mingapi? Dada wanasema 5. La pili, likiisha miaka hiyo litauzika bei gani? Wanasema Sh 4,000,000. Hiyo huitwa thamani ya mabaki. Yote mawili ni makisio, hayapo kwenye risiti yoyote, na ndiyo sababu watu wawili waaminifu wanaweza kuwa na uchakavu tofauti kwa gari lile lile.

Mstari ulionyooka

Hii ni hesabu ya darasa la tano. Toa thamani ya mabaki kwenye gharama, gawa kwa miaka. Milioni 24 toa 4 ni 20, gawa kwa 5, unapata Sh 4,000,000 kila mwaka.

Thamani ya gari vitabuni inashuka kwa hatua sawa: mwisho wa mwaka wa kwanza ni milioni 20, kisha 16, 12, 8, na mwisho wa mwaka wa tano inabaki 4. Hapo hesabu inasimama. Hata kama gari bado linatembea, haliendelei kuchakazwa chini ya thamani yake ya mabaki.

Salio pungufu

Njia ya pili inatumia asilimia. Kila mwaka asilimia ile ile inakatwa, lakini inakatwa kwenye salio lililobaki vitabuni. Bei ya mwanzo inatumika mwaka wa kwanza tu. Kwa sababu salio linapungua, makato nayo yanapungua.

Kwa gari hili asilimia 30 inafaa:

Mwaka 1: makato 7,200,000, linabaki 16,800,000
Mwaka 2: makato 5,040,000, linabaki 11,760,000
Mwaka 3: makato 3,528,000, linabaki 8,232,000
Mwaka 4: makato 2,469,600, linabaki 5,762,400
Mwaka 5: makato 1,728,720, linabaki 4,033,680

Salio la mwisho limegusa milioni 4 kwa tofauti ya Sh 33,680 tu, ambayo mhasibu huimalizia kwenye makato ya mwaka wa tano. Haikutokea kwa bahati. Asilimia hutafutwa ili baada ya miaka 5 salio lifike kwenye mabaki, na kwa gari hili jibu kamili ni kama asilimia 30.1. Mwenye programu ya majedwali kwenye simu anaweza kulipata hivi:

```
=1-(4000000/24000000)^(1/5)
=SLN(24000000,4000000,5)
=DB(24000000,4000000,5,1)
```

Mstari wa kwanza unatoa asilimia ya salio pungufu. Wa pili unatoa ile milioni 4 ya kila mwaka. Wa tatu unatoa makato ya mwaka wa kwanza kwa salio pungufu, Sh 7,224,000, kwa kuwa programu inatumia asilimia 30.1 badala ya 30 kavu. Badilisha ile 1 ya mwisho iwe 2, unapata mwaka wa pili.

Kuna kosa moja hapa linalojirudia sana. Mtu amezoea mstari ulionyooka, basi anatoa mabaki kwanza, anakata asilimia 30 kwenye milioni 20 badala ya 24. Hesabu inaonekana nzuri kabisa, lakini mwaka wa tano ukiisha gari linakuwa limebaki vitabuni na Sh 7,361,400, wakati lengo lilikuwa 4,000,000. Kwenye salio pungufu mabaki hayatolewi mwanzoni, kwa sababu yamekwishazingatiwa wakati wa kutafuta asilimia. Kosa la pili ni la upande mwingine: kukata 30 ya milioni 24 kila mwaka. Hilo linajitangaza lenyewe, maana mwaka wa nne gari linakuwa na thamani hasi ya milioni 4.8. Gari halidaiwi.

Dada mdogo anataka kuondoka

Tuseme bekari inapata Sh milioni 10 kila mwaka kabla ya kuondoa uchakavu. Kwa mstari ulionyooka faida ni milioni 6 mwaka wa kwanza na 6 mwaka wa pili. Kwa salio pungufu ni 2,800,000 mwaka wa kwanza na 4,960,000 wa pili. Mikate iliyouzwa ni ile ile, dereva ni yule yule, na sanduku la fedha halijabadilika hata shilingi.

Mwisho wa mwaka wa pili, dada mdogo anataka kutoka akafungue duka lake Bunda. Walikubaliana mwanzoni kwamba anayetoka atalipwa nusu ya thamani ya mali iliyoandikwa vitabuni. Daftari lao linatumia mstari ulionyooka.

"Dada, gari lina milioni kumi na sita kwenye kitabu. Nusu yangu ni nane."

"Mdogo wangu, hiyo kumi na sita kaiulize kwa madalali kama wanaijua."

Madalali wanasema milioni 12. Hapo ndipo penye utata. Akilipwa kwa kitabu cha mstari ulionyooka, mdogo anachukua 8,000,000. Kitabu kingekuwa cha salio pungufu, angechukua nusu ya 11,760,000, yaani 5,880,000. Tofauti ni Sh 2,120,000, imetokana na njia ya kuhesabu peke yake. Na sokoni nusu ya gari ni milioni 6.

Nani ana haki? Kimakubaliano, mdogo. Lakini makubaliano yenyewe ndiyo mabovu. Thamani ya vitabuni haikuwahi kuahidi kuwa bei ya soko. Ni sehemu ya gharama ambayo bado haijahesabiwa kama matumizi, basi. Washirika wanaotaka kugawana mali kwa haki wangeandika kwamba siku ya kuachana gari litathaminiwa upya na mtu wa nje, bila kujali kitabu kinasema nini.

Angalia pia kinachotokea kama wangeliuza gari siku hiyo kwa milioni 12. Kitabu cha mstari ulionyooka kinaandika hasara ya milioni 4, maana gari lilikuwa 16. Kitabu cha salio pungufu kinaandika faida ya Sh 240,000. Ukisikia hivyo utadhani mmoja ameuza vibaya na mwingine ameuza vizuri. Lakini jumlisha miaka yote miwili. Wa kwanza: uchakavu milioni 8 na hasara 4, jumla 12. Wa pili: uchakavu 12,240,000 toa faida 240,000, jumla 12. Gari limenunuliwa 24, limeuzwa 12, limekula 12. Hakuna njia inayolifanya gari liwe rahisi zaidi au ghali zaidi. Zinatofautiana kwa kuamua ni mwaka upi ubebe mzigo.

Kwa nini mtu aegemeze mzigo mbele?

Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba gari jipya hupoteza thamani kwa kasi mwanzoni. Kwa Musoma sababu hiyo ina walakini. Haisi nyingi zinazofika huku zilishatumika Japani kwa miaka. Ule mporomoko mkali wa mwanzo ulimezwa na mwenyewe wa kwanza kule kule. Gari likifika Dar, mteremko wake wa bei umeshaanza kulala. Kwa hiyo anayenakili asilimia kutoka kwenye kitabu kilichoandikwa kwa magari mapya anaweza kulichakaza gari lake kwenye karatasi kuliko linavyochakaa barabarani.

Sababu yenye nguvu zaidi kwa gari la mizigo ni matengenezo. Mwaka wa kwanza ni oili na matairi. Mwaka wa nne ni klachi, springi, gari kulala gereji siku tatu na mikate kukodiwa bodaboda. Tuseme matengenezo ni Sh 600,000 mwaka wa kwanza, kisha 1,200,000, 2,000,000, 3,000,000 na 4,000,000.

Yajumlishe na uchakavu. Kwa mstari ulionyooka, gari linagharimu milioni 4.6 mwaka wa kwanza na milioni 8 mwaka wa tano; kila mwaka faida inazidi kubanwa, na mwenye bekari anaanza kumshuku dereva. Kwa salio pungufu, gharama inaanza na milioni 7.8, inashuka hadi kama 5.5 mwaka wa tatu na wa nne, inaishia kama 5.7. Mwaka wa kwanza unauma. Baada ya hapo mzigo unakaribia kulingana, kwa sababu uchakavu unapungua wakati fundi anaongeza bili.

Kwa hiyo kwa Haisi inayolala kwenye vumbi la barabara za vijijini, salio pungufu lina hoja nzuri. Kwa rafu za duka, meza au jengo ambalo linatumika sawasawa mwaka hadi mwaka, mstari ulionyooka unatosha na hauna usumbufu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu mali za aina hii, IAS 16, kinaruhusu njia zote mbili. Kinachodai ni kwamba njia ifuate jinsi manufaa ya mali yanavyotumika, na kwamba muda wa maisha na thamani ya mabaki viangaliwe upya walau kila mwisho wa mwaka.

Kuangalia upya maana yake ni hii. Mwaka wa tatu unaisha, gari lina milioni 12 kwa mstari ulionyooka, na fundi anasema injini ni nzima, litaenda miaka 4 zaidi badala ya 2. Basi 12 toa 4 ni 8, gawa kwa 4: uchakavu unakuwa milioni 2 kwa mwaka kuanzia hapo. Miaka iliyopita haifutwi. Lakini anayeruka kutoka njia moja kwenda nyingine kila faida inapoonekana ndogo, huyo anapaka rangi hesabu, na benki ikilinganisha hesabu za miaka mitatu mfululizo inaliona hilo haraka: faida inapanda huku mauzo yamesimama.

TRA haikuulizi umechagua ipi

Hapa ndipo wengi hushtuka. Kwa kodi ya mapato, mfanyabiashara hachagui. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kwenye Jedwali la Tatu, imeziweka mali katika madaraja na kila daraja lina kiwango chake. Gari la mizigo lenye uwezo wa chini ya tani 7 lipo daraja la kwanza, linakatwa asilimia 37.5 kwa salio pungufu. Majengo ndiyo yanayotumia mstari ulionyooka. Thamani ya mabaki ambayo dada waliikadiria haina nafasi kwenye hesabu hii.

Kwa gari la bekari, makato ya kodi mwaka wa kwanza ni Sh 9,000,000. Mwaka wa pili ni 5,625,000, wa tatu 3,515,625. Kampuni iliyopata milioni 10 kabla ya uchakavu inatozwa kodi kwenye milioni 1 mwaka wa kwanza. Kwa kiwango cha kampuni cha asilimia 30, hiyo ni Sh 300,000. Mwenye bekari aliyechukua faida ya kitabuni ya milioni 6 na kuipiga asilimia 30 angejipangia kodi ya milioni 1.8.

Lakini asiitumie tofauti hiyo kununua oveni ya pili akidhani amesamehewa. Makato yanapungua kila mwaka, na kodi inapanda. Mwaka wa tano makato ya gari ni kama milioni 1.37 tu, hivyo kodi inatozwa kwenye zaidi ya milioni 8.6. Alichopata ni muda.

Ndiyo maana mhasibu makini anakuwa na majedwali mawili ya gari moja: la vitabu, na la kodi. Kwenye ritani anairudisha kwanza faida ya kitabuni kwa kujumlisha uchakavu wake mwenyewe, milioni 6 ongeza 4 inakuwa 10, halafu anatoa ule wa sheria, 9, inabaki 1. Anayesahau kujumlisha kwanza anakuwa ameukata uchakavu mara mbili, na hilo ni kati ya mambo ambayo mkaguzi wa kodi huyatafuta mapema.

Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo yake, hesabu hiyo ya kodi haimgusi. Uchakavu wa gari hauongezi wala kupunguza anacholipa. Bado anauhitaji kujua kama biashara inapata faida, maana muuza mikate asiyehesabu gari atajikuta "anapata faida" miaka mitano, kisha gari linakufa na hana cha kununulia lingine.

Na hapo kuna jambo ambalo hakuna njia kati ya hizi inalofanya. Kitabuni mwishoni mwa mwaka wa tano kutakuwa na uchakavu limbikizi wa Sh milioni 20. Mtu anaweza kuisoma kama akiba. Si akiba. Uchakavu hauhamishi hata shilingi kwenda benki. Unapunguza tu faida inayoonekana, ili wenye mali wasigawane yote. Kama dada wale wanataka Haisi nyingine, lazima wafungue akaunti ya pembeni na kuweka fedha halisi kila mwezi. Milioni 20 kwa miezi 60 ni kama Sh 333,000 kwa mwezi, na bei ya gari lijalo huenda isiwe 24 tena.